Siko seli na CRISPR: dawa inakata wapi, na kinachofuata baada ya kukata

Tangu Uingereza na Marekani ziidhinishe Casgevy, tiba ya siko seli inayotumia mbinu ya kukata DNA iitwayo CRISPR, mwishoni mwa 2023, wazazi wa watoto wenye siko seli wanatuuliza swali moja: lini mtoto wangu atarekebishiwa ile jeni? Swali ni la haki, lakini limejengwa juu ya dhana tuliyokwisha kuisahihisha mara nyingi. Casgevy haigusi jeni yenye hitilafu. Mgonjwa aliyetibiwa bado ana herufi ileile moja iliyokosewa kwenye jeni ya beta-globini, na bado anaweza kuwarithisha watoto wake, kwa kuwa kinachohaririwa ni seli mama za damu peke yake.

Kinachokatwa ni sehemu ya jeni nyingine, BCL11A, iliyoko kwenye kromosomu ya 2. Jeni hiyo ndiyo inayozima himoglobini ya mtoto mchanga baada ya kuzaliwa. Ikidhoofishwa, himoglobini hiyo hurudi na kuzuia chembe nyekundu kujikunja. Watafiti hawakuiharibu jeni nzima, maana seli nyingine zinaihitaji. Walilenga swichi yake inayofanya kazi kwenye chembe nyekundu tu, pale protini iitwayo GATA1 inapojishikiza.

Kimeng'enya cha Cas9, ambacho ndicho mkasi wa CRISPR, hupelekwa mahali pake na RNA elekezi, ambayo ina herufi 20 zinazolingana na DNA inayolengwa. Lakini Cas9 haikati popote tunapotaka. Kwanza hutafuta alama fupi iitwayo PAM, yaani herufi yoyote ikifuatiwa na GG, na alama hiyo lazima iwe kwenye DNA yenyewe, si kwenye RNA elekezi. Mahali pa kukata panapatikana herufi tatu kabla ya PAM. Hivi ndivyo ilivyo kwenye Casgevy:

```
CTAACAGTTGCTTTTAT|CAC AGG
```

AGG ndiyo PAM, na mstari ni mahali pa kukata. GATA1 hujishikiza kwenye TTATCA (ukisoma uzi wa pili ni TGATAA), kwa hiyo mkato unaangukia ndani ya swichi hasa. Tazama pia T nne zinazofuatana. Mwanafunzi anayetengeneza RNA elekezi ndani ya seli kwa kutumia promota ya U6, yaani kipande cha DNA kinachoanzisha unakili wa RNA, angeikataa, kwa sababu T nne husimamisha unakili. Hapa RNA inatengenezwa kwa kemia kiwandani, hivyo kikwazo hicho hakipo.

Baada ya mkato, kazi ya Cas9 imekwisha. Anayeunga ni seli. Njia ya haraka ni kuunganisha ncha mbili moja kwa moja. Zikiungwa sawasawa, Cas9 iliyobaki hukata tena, mpaka herufi chache zipotee au ziongezeke na RNA isipatambue tena mahali hapo. Kwa swichi hii, kosa hilo dogo ndilo tunalolitaka. Njia ya pili hunakili kutoka kiolezo, yaani kipande cha DNA chenye herufi sahihi, nayo ndiyo ingeweza kurekebisha herufi ya siko seli. Tatizo ni kwamba hufanya kazi seli inapojiandaa kugawanyika, na seli mama za damu nyingi zimetulia. Ungekata jeni ya beta-globini na kiolezo kisitumike, njia ya haraka ingeiharibu kabisa, na ukapata seli yenye hali ya thalasemia, yaani isiyoweza kutengeneza beta-globini ya kutosha. Ndiyo maana wakachagua swichi.

Matokeo yaliyochapishwa 2024 yalionyesha wagonjwa 29 kati ya 30 wakikaa angalau miezi 12 mfululizo bila maumivu makali ya kuziba mishipa. Lakini seli huvunwa, huhaririwa maabara, kisha mgonjwa hupewa dawa kali ya busulfani kusafisha uboho kabla ya kurudishiwa. Hakuna sindano ya CRISPR ya kuchomwa kliniki ukaenda nyumbani. Anayekuuzia hiyo anakudanganya.

Jambo moja linatuhusu sisi zaidi. RNA elekezi hupimwa dhidi ya jenomu ya rejea, yaani DNA ya mfano inayotumiwa na watafiti wote, ili kuona itakata wapi kwingine. Mwaka 2023 watafiti walionyesha kwamba tofauti ya herufi moja, iliyopo kwenye takriban asilimia 4.5 ya aleli za watu wenye asili ya Afrika, inatengeneza PAM mpya karibu na mfuatano unaofanana na huu, kwenye kromosomu hiyohiyo ya 2. Mikato miwili kwenye kromosomu moja inaweza kugeuza kipande kilicho katikati. Kipimo cha kawaida kinachosoma eneo dogo la mkato hakitaona hilo, wala hakitaona upotevu mrefu uliobeba hata sehemu ambapo vianzio vya PCR, vipande vifupi vya DNA ambavyo kipimo hicho hutegemea, hujishikiza.

Kwa hiyo, ukialikwa Tanzania kushiriki utafiti wa aina hii, omba kuona kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na kibali cha jaribio la dawa cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Vyote viwili, si kimoja. Soma fomu ya ridhaa mpaka mwisho na ubaki na nakala yako. Kisha uliza kama jenomu yako itasomwa kabla ya seli kukatwa, na mikato ya mahali pasipokusudiwa itatafutwa kwa njia gani.