Vati ya mashine: hela yako ipo, ila haiji kwa mkupuo

Hapa Mwanza dawati letu la mikopo linapokea maandiko mengi ya miradi ya viwanda vidogo, na kosa linalojirudia ni bei ya mashine kuandikwa bila vati, eti kwa sababu "si inarudi". Inarudi kweli, lakini lini?

Chukua mfano wa kiwanda cha maji ya chupa pale Nyakato. Mashine zinauzwa milioni 300, vati asilimia 18 ni milioni 54, kwahiyo siku ya kulipa Februari zinatoka milioni 354. Kwenye mradi waliandika 300 tu, na mkopo ukawa wa 300, basi ile 54 ikachotwa kwenye hela ya chupa na mishahara, mashine zimefungwa zinang'aa ila hela ya kununulia chupa hakuna.

Watu wengi wanadhani TRA itawaingizia 54 benki. Kawaida haiendi hivyo. Kila mwezi unajaza ritani, mwisho tarehe 20 ya mwezi unaofuata, unachukua vati uliyowatoza wateja unatoa vati uliyolipa kwenye manunuzi, na kama ya manunuzi ni kubwa salio linasogezwa mbele. Kwahiyo Februari mpaka Mei, wakati mafundi wanafunga mashine na hujauza hata katoni moja, salio linakaa tu palepale.

Juni mauzo yanaanza, tuseme milioni 30 kwa mwezi kabla ya vati. Umewatoza wateja vati milioni 5.4, umelipa 2.4 kwenye chupa na lebo, ulitakiwa upeleke 3 lakini unabaki nazo kwasababu una salio. Hiyo tatu ndo marejesho yako! 54 gawa kwa 3 ni miezi 18, yaani mpaka Novemba mwaka unaofuata, na mauzo yakishuka inasogea zaidi. Kama hiyo 54 ni ya mkopo wa riba asilimia 1.5 kwa mwezi kwenye deni lililobaki, nawe unaipunguza 3 kila mwezi, miezi minne ya kufunga mashine pamoja na hiyo 18 inakula riba kama milioni 11. Vati imerudi yote, riba hairudi.

Unaweza kuomba urejeshewe taslimu salio likishasogezwa miezi sita, ila kuna uhakiki wa nyaraka, hivyo usiipangie tarehe ya kulipia marejesho ya mkopo.

Halafu angalia risiti ya EFD palepale dukani, iwe na jina na TIN ya kampuni, siyo ya mwenye kampuni. Nimeshaona mtu kanunua kwa TIN yake binafsi, kampuni ikashindwa kudai, 54 ikageuka gharama kabisa. Kwenye jedwali la mradi andika 354 mwezi wa kununua, alafu ile tatu tatu kwenye mstari wake kuanzia mwezi wa mauzo, na benki uombe hiyo 54 kama mkopo wa pembeni unaolipwa kadri vati inavyorudi.