Kuthibitisha usaili: unarudia nini, unauliza nini

Kuthibitisha usaili ni kumwambia aliyekuita, siku moja kabla, jinsi ulivyoelewa mwito wake: siku, saa, mahali, watu utakaokutana nao na karatasi utakazobeba. Wengi hutuma neno moja tu: "Kesho nitakuja." Hilo linampa mwenye ofisi habari ya kwamba upo, lakini halimpi nafasi ya kuona kosa. Ukimwandikia mambo yote jinsi ulivyoyaelewa, ataona kosa mara moja, hata kama kosa ni lake.

Hapa Lubumbashi mahali ndipo panapokosewa zaidi. Komini moja inaitwa Lubumbashi, kama mji wenyewe, kwa hiyo "ofisi yetu ya Lubumbashi" inaweza kuwa popote mjini. Kampuni za migodi nazo zina ofisi hapa na kazi yenyewe iko Likasi au Kolwezi. Uliza komini, avenyu, namba ya kiwanja, na kitu kinachoonekana karibu na mlango.

Saa nayo ina mtego wake. Mtu akikuambia kwenye simu "saa kumi", anayehesabu kama kwa Kifaransa anataka kusema asubuhi, na anayehesabu kwa Kiswahili cha pwani anataka kusema jioni. Andika 10h00. Kama usaili ni wa simu na wanaokuuliza wako Kinshasa, uliza ni saa ya wapi: 10h00 ya kule ni 11h00 ya kwetu.

Chukua kijana wa Katuba aliyeitwa alhamisi kwa kazi ya magazinie, yule anayetunza depo. Jumatano saa 9h00 anatuma ujumbe huu:

"Jambo, mama. Mimi ndiye niliyeitwa kwa usaili wa kazi ya magazinie, kesho alhamisi, 10h00. Nilielewa ni kwenye ofisi yenu ya mjini. Nitaleta kadi ya mpiga kura, diploma, na kopi za dosie yangu. Ninaomba kujua niulizie nani pale mlangoni, nani watakaonipokea, na kama kuna karatasi nyingine inayohitajika. Asante, mama."

Kama barua ya mwito ilikuja kwa Kifaransa, naye anajibu kwa Kifaransa. Habari ya mshahara haitaji kwenye ujumbe huu.

Saa 11h00 mama anajibu: saa ni ile ile, lakini watu watapokelewa kwenye depo ya Kampemba, upande wa viwanda. Watakuwa watatu: yeye mwenyewe, mkubwa wa depo, na mhasibu. Alete pia kadi ya kutafuta kazi inayotolewa na ONEM, ofisi ya taifa ya ajira.

Jibu hilo limebadilisha siku nzima ya kijana. Kutoka Katuba sasa itabidi abadilishe teksi-basi mjini, kwa hiyo atatoka nyumbani mapema zaidi. Mkubwa wa depo akiwa mezani, maswali yatakuwa ya kazi yenyewe: fishi ya stoki inajazwaje, hesabu ya vitu ikikosa kulingana na karatasi unafanya nini kwanza. Wako watatu, basi anatengeneza kopi tatu za dosie. Na bado ni asubuhi. Kopi ikihitaji muhuri wa komini, ofisi haijafungwa. Ndiyo maana mimi nasisitiza ujumbe uende asubuhi. Ukiutuma jioni, jibu litakukuta mahali pa kupiga kopi pamefungwa. Na usaili ukiwa jumatatu, thibitisha ijumaa asubuhi.

Kuhusu kadi ya mpiga kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho cha kila siku: mahali pengi mlinzi anaibakiza mlangoni mpaka utoke. Ukiwa umetegemea hiyo moja tu, utaingia mbele ya watu bila kitambulisho. Beba kopi yake. Diploma unaionyesha ile ya kweli, unaacha kopi, unarudi nayo nyumbani.

Jibu lisipokuja mpaka 14h00, piga simu mara moja. Wasipopokea, nenda kesho kama mwito ulivyosema, kwa sababu ukimya haujafuta usaili. Fika nusu saa kabla na ujumbe wako kwenye simu, uuonyeshe mlangoni.

Kuna jibu moja la kuogopa. Ukiuliza avenyu na majina, mtu anakwepa, kisha anaomba utume pesa ya "kufungua dosie" kabla ya kesho. Usitume. Tafuta namba ya kampuni kwa njia nyingine, piga huko, uulize kama jina lako liko kwenye orodha ya walioitwa.