Jibu sahihi, uthibitisho wenye tundu

"Nimethibitisha kwamba sin 3x = sin x(2cos 2x + 1). Niligawanya pande zote mbili kwa sin x na zikatoka sawa, lakini nimekatwa maksi eti nimegawanya kwa sifuri. Sifuri iko wapi hapo?"

Iko kwenye nyuzi 0, 180, 360 na kuendelea, mbele na nyuma, kila baada ya nyuzi 180. Kwenye pembe hizo sin x ni sifuri. Kazi yenyewe bila shaka ilikuwa hivi:

```
sin 3x / sin x = (3 sin x − 4 sin³x) / sin x
               = 3 − 4 sin²x
               = 3 − 2(1 − cos 2x)
               = 1 + 2cos 2x
```

Weka x = 180 kwenye mstari wa kwanza, upande wa kushoto unakuwa 0/0, na 0/0 si namba. Mistari inayofuata haina pa kusimama kwa pembe hiyo, hata kama yenyewe inaonekana mizima. Kwa hiyo kilichothibitishwa ni usawa kwa pembe zote isipokuwa hizo, ilhali swali lilitaka pembe zote. Ulichokosa ni mstari mmoja tu: "Pale sin x inapokuwa 0, upande wa kulia ni 0, na sin 3x nayo ni 0, kwa sababu x ni mara kadhaa ya 180 na 3x pia." Hapo tundu limezibwa. Njia safi zaidi ni kutogawanya kabisa: andika sin 3x = 3 sin x − 4 sin³x, toa sin x nje ya mabano, kisha shughulika na kilichobaki ndani. Hesabu ni ileile, ila hakuna mahali pa kuteleza.

Wengi hudhani kwamba mtu akigawanya kwa kitu kinachoweza kuwa sifuri, alichothibitisha ni uongo. Dhana hii imejengwa na zile hesabu za mchezo zinazomalizika na 1 = 2, na imeshika kwelikweli. Lakini angalia mfano wetu. Hatua ni haramu, matokeo ni kweli, tena kweli hata kwenye zile pembe ambazo hatua ilivunjikia. Hiyo si bahati. Kwenye usawa wa trigonometria wa kawaida, hatua ya namna hii karibu kila mara huacha matokeo salama na kuharibu uthibitisho peke yake.

Sababu ni kwamba sin x haiwi sifuri kwa mfululizo. Inagusa sifuri kwenye nyuzi 180 na kuondoka papo hapo. Nyuzi 179 si sifuri, wala 179.999. Uthibitisho wako unashika pande zote mbili za pembe hiyo, karibu kadiri utakavyo. Ukichukua nyuzi 1, sin 3x / sin x inatoa takriban 2.9988, na 1 + 2cos 2x inatoa hiyohiyo. Ukizidi kusogea kuelekea 0, zote mbili zinakwenda kwenye 3. Sasa, sin 3x na sin x(2cos 2x + 1) ni michoro isiyoruka. Michoro miwili isiyoruka ikiwa imelaliana kila mahali kuzunguka nukta fulani, haiwezi kuachana kwenye nukta hiyo pekee.

Fikiria kitambaa kilichotobolewa na sindano. Tundu lipo, na fundi mwaminifu hatasema halipo, lakini nyuzi za pembeni zinakuonyesha bila utata rangi iliyokuwa hapo. Kitambaa kilichokatwa kipande kizima kwa mkasi ni habari nyingine: pembeni hapakuambii chochote kuhusu katikati.

Kwa hiyo swali la maana juu ya kigawo chochote ni hili: ni sifuri kwenye pembe zipi, na je, ni matundu ya sindano au kipande kizima? Hapa ndipo hatari ya kweli ilipojificha, na ajabu ni kwamba haifundishwi sana. Tazama "uthibitisho" huu kwamba √(1 − cos²x) = −sin x kwa kila x. Ili tuandike kwa ufupi, tuite huo upande wa kushoto y.

```
y² = 1 − cos²x = sin²x
y² − sin²x = 0
(y − sin x)(y + sin x) = 0
y + sin x = 0        (tumegawanya kwa y − sin x)
y = −sin x
```

Jaribu nyuzi 90. Kushoto ni √(1 − 0), yaani 1. Kulia ni −1. Safari hii matokeo yenyewe ni uongo. Kilichotokea ni kwamba y ni kipeuo cha pili, na kipeuo hakiwi hasi. Kuanzia nyuzi 0 hadi 180, sin x nayo si hasi, kwa hiyo y na sin x ni kitu kimoja, na y − sin x ni sifuri kwenye nusu nzima ya duara. Hakuna pembe jirani ya kutoa ushahidi. Mkasi umepita.

Kinachofanya mfano huu uwe mjanja ni kwamba haukamatiki kwa kujaribu pembe mojamoja bila mpango. Mtu akijaribu nyuzi 210, sin x ni −1/2, y ni 1/2, na y = −sin x inasimama vizuri. Ajaribu 270 au 300, bado inasimama. Kwenye nusu ya chini ya duara dai hili ni kweli tupu. Ndiyo maana anayekagua hachagui pembe anazozipenda. Anachukua kigawo chenyewe, anaandika kigawo = 0, anatafuta pembe zinazotimiza hivyo, halafu anazirudisha kwenye dai la mwanzo. Ni dai la mwanzo analorudi kwalo, si mstari wa mwisho, kwa sababu mstari wa mwisho umeshapita kwenye kasoro.

Kuna hali mbaya zaidi ya hiyo: kigawo ambacho ni sifuri kwa kila pembe ila kimevaa nguo. Mfano ni sin 2x − 2 sin x cos x. Hakuna mtu atakayegawanya kwa hicho kikiwa kimeandikwa hivyo, lakini katikati ya kurasa mbili za hesabu huja kimetawanyika, na ukigawanya nacho unaweza kuthibitisha lolote unalotaka. Zile hesabu za 1 = 2 ni za ukoo huu.

Ile hoja ya michoro isiyoruka ina mpaka wake. Inahitaji pande zote mbili za dai ziwe na thamani kwenye pembe yenyewe. Chukua

```
cos x · cos 2x · cos 4x = sin 8x / (8 sin x)
```

Huu ndio usawa unaotoa cos 20° · cos 40° · cos 80° = 1/8, matokeo ambayo mwanafizikia Richard Feynman aliyajua tangu utotoni kutoka kwa mtoto mwenzake, Morrie Jacobs, na mpaka leo yanaitwa sheria ya Morrie. Uthibitisho wake ni kuzidisha kwa 8 sin x, kuikunja 2 sin x cos x iwe sin 2x mara tatu mfululizo, kisha kugawanya kwa 8 sin x. Kwenye nyuzi 180 kushoto ni −1, na kulia ni 0/0. Hapa tundu limo ndani ya dai lenyewe, halikuletwa na uthibitisho. Hakuna cha kuziba. Unaandika tu kwamba usawa ni kwa x ambayo sin x yake si sifuri, na kugawanya kwa sin x kunakuwa halali kabisa.

Hilo linaeleza kwa nini baadhi ya hatua zinazotisha hazina kosa lolote. Katika kuthibitisha kwamba sin x / (1 + cos x) = (1 − cos x) / sin x, kila mtu huzidisha juu na chini kwa 1 − cos x. Kitu hicho ni sifuri kwenye nyuzi 0 na 360. Lakini upande wa kulia una sin x kwenye asili, kwa hiyo pembe hizo zilishafukuzwa kabla kazi haijaanza. Kumkata mtu maksi hapo ni kumwonea, ingawa wapo wasahihishaji wanaotaka sharti liandikwe hata linapojulikana.

Kwenye kutatua mlinganyo mambo hubadilika, na nadhani ukali wote huu ulianzia huko. Mlinganyo sin 2x = sin x, kati ya 0 na 360 bila kuihesabu 360, una majibu manne: 0, 60, 180 na 300. Gawanya kwa sin x, unabaki na cos x = 1/2, na majibu yako ni 60 na 300 tu. Yale mawili yamekufa. Hapa majibu yenyewe yanakaa ndani ya matundu, kwa hiyo tundu la sindano linatosha kuyapoteza.

Kilichobaki ni kuutambua mgawanyo ambao haukuandikwa kama mgawanyo. Kukata kigawo kinachofanana pande zote mbili ni kugawanya. Kuandika tan x ni kugawanya kwa cos x. Mjanja kuliko wote ni kutumia kanuni nje ya pembe zake. Wanafunzi wengi wakiombwa kuthibitisha kwamba tan(90° + x) = −1/tan x hukimbilia kanuni ya tan(A + B), wanaweka A = 90, kisha wanagawanya juu na chini kwa tan 90°, wakisema 1/tan 90° ni sifuri. Lakini tan 90° ni 1/0. Haipo, na kisichopo hakigawanyi. Kanuni ile ilipatikana kwa kugawanya juu na chini kwa cos A cos B, na cos 90° ni sifuri. Njia inayopita ni kurudi nyuma ya tan: sin(90° + x) ni cos x, cos(90° + x) ni −sin x, na kugawanya moja kwa nyingine kunatoa −cos x / sin x. Umbo hili hata ni pana kuliko lile lililoombwa. Kwenye x = 90 linatoa 0, ambayo ndiyo tan 180°, wakati −1/tan x kwenye pembe hiyo haina thamani.