Picha moja ya kuku, mabanda mawili tofauti

Kuku amejikunyata pembeni mwa banda. Manyoya yamesimama, mabawa yamelegea hadi karibu yaguse maranda, macho yamefumba nusu, na kinyesi cheupe kimegandia manyoya ya nyuma. Chini ya picha kuna ujumbe mfupi: "Dokta, huyu anaumwa, nimpe dawa gani?"

Picha za namna hii hunifikia karibu kila siku maabara. Siku moja nilipata mbili asubuhi moja, kutoka kwa wafugaji wawili wasiojuana, na ungeniambia ni kuku yule yule amepigwa picha mara mbili ningekubali. Vifaranga wote wawili walikuwa na umri wa wiki nne hivi, walikuwa wa mayai, na walijikunyata kwa namna ile ile. Mmoja alikuwa na ugonjwa wenye dawa. Mwingine alikuwa na ugonjwa usio na dawa kabisa, na dawa ambayo ingemfaa mwenzake ingeweza kumwongezea madhara.

Kabla sijafika huko, nieleze kwa nini picha ile inasema machache. Kuku ana njia chache sana za kuonyesha kwamba anaumwa. Akiwa na homa, akipoteza damu, akiwa na minyoo mingi au akiwa amepigwa na baridi usiku, atafanya jambo lile lile: atasimamisha manyoya ili kuhifadhi joto, atavuta shingo ndani na ataacha kula. Hata kinyesi cheupe, ambacho wafugaji wengi hukitaja kama dalili kuu, mara nyingi hakina siri kubwa. Kuku hana haja ndogo ya peke yake. Mkojo wake ndio ule weupe unaotoka pamoja na kinyesi. Asipokula, sehemu ya kahawia inapungua na weupe unabaki. Kwa hiyo kinyesi cheupe kinaweza kuwa kinaniambia tu kwamba huyu kuku hajala tangu jana.

Tena kuna suala la nani amepigwa picha. Mfugaji humchagua aliyezidiwa kuliko wote. Aliyeanza kuumwa leo, ambaye angenionyesha ugonjwa ukiwa mbichi, bado amesimama katikati ya wenzake akijifanya mzima, kwa sababu kuku huficha ugonjwa mpaka nguvu zimwishie.

Niliwajibu wote wawili kwa maswali yale yale. Kuku wako wapo wangapi, na wana siku ngapi? Wamekufa wangapi jana, juzi na siku iliyotangulia juzi? Wamechanjwa nini, lini, na kwa njia gani? Katika wiki mbili zilizopita kuna kitu kimebadilika kwenye chakula, maji au banda, au kuna kuku mgeni aliyeingia?

Mfugaji wa kwanza alikuwa na vifaranga 250 wa siku 29. Vifo vyake kwa siku tano vilikuwa 1, 2, 3, 2 na 3, jumla 11. Chanjo zote zilifanyika kwa tarehe zake. Wagonjwa wengi walikuwa upande mmoja wa banda, kwenye chombo cha maji kinachovuja, na maranda ya hapo yalikuwa yamelowa na kushikana kama keki. Halafu akataja jambo ambalo yeye mwenyewe aliliona dogo: siku kumi hivi zilizopita aliacha chakula cha kununua akaanza kuchanganya chake.

Hapo nilikaa sawa kwenye kiti. Chakula cha vifaranga cha kiwandani mara nyingi huwekwa dawa kidogo ya kuzuia koksidia, vijidudu vinavyoshambulia utumbo. Mayai ya vijidudu hivyo hutoka na kinyesi, na yakipata unyevu na joto hukomaa kwa siku moja au mbili. Kuku akiyadonoa, baada ya siku nne hadi saba naye anatoa mengine, mengi zaidi. Ukiondoa kinga iliyokuwa kwenye chakula, ukaongeza maranda mabichi, siku kumi zinatosha kabisa. Vifo navyo vinakwenda hivyo hivyo: wachache kila siku, bila kishindo, kwa sababu kila kuku anaambukizwa kwa wakati wake na kwa kiasi chake.

Nikamwomba picha nyingine, safari hii isiwe ya kuku. Nilitaka kinyesi kibichi juu ya karatasi nyeupe, kutoka sehemu tatu za banda. Kimoja kilikuwa na damu.

Mfugaji wa pili alikuwa na vifaranga 500 wa siku 27. Siku ya kwanza walikufa 3, ya pili 18, ya tatu 34, ya nne 21. Tayari ni 76, yaani zaidi ya mmoja kati ya kila saba. Maranda yalikuwa makavu, chakula hakikubadilika, na wagonjwa walitapakaa banda zima. Alikumbuka pia kwamba mwanzoni aliwaona baadhi wakijidonoa sehemu ya haja. Chanjo ya Gumboro waliipata siku ya 14, mara moja tu, kwenye maji ya bomba, na maji yale yalikaa kwenye vyombo mpaka jioni.

Vifo vinavyopanda kama mlima kwa siku mbili au tatu, kwa vifaranga wa kati ya wiki tatu na sita, hunifanya niwaze Gumboro kabla ya kingine chochote. Ni ugonjwa wa virusi. Hupiga kundi zima karibu kwa wakati mmoja, hufika kileleni, kisha vifo hushuka vyenyewe, na kwa kawaida ndani ya wiki moja vimekoma. Jina lenyewe ni la mahali, Gumboro katika jimbo la Delaware nchini Marekani, ulikoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1962.

Chanjo aliyotoa ilikuwa na kasoro ambayo hakuna picha ingeionyesha. Chanjo ile ni virusi hai vilivyodhoofishwa, na klorini ya maji ya bomba huviua. Ndiyo maana tunashauri maji yasiyo na dawa, au yatiwe maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita, nusu saa kabla ya chanjo kuingia. Vifaranga nao wanyimwe maji saa moja au mbili kwanza ili wakipewa wayamalize yote ndani ya saa mbili. Maji yaliyokaa mpaka jioni yalikuwa maji tu.

Sasa tazama ambacho kingetokea kama ningeijibu picha. Mfugaji wa pili alikuwa ameshaanza dawa ya salfa kwa sababu jirani yake alimwambia weupe ule ni kuhara. Salfa inaweza kumsaidia mwenye koksidia. Lakini kwenye Gumboro figo za kuku zinakuwa zimeshavimba na kujaa chumvi za mkojo, na salfa ni mzigo juu ya figo. Nilimwambia aisimamishe, awape maji safi ya kutosha, aongeze joto la banda kidogo na asiwasumbue kwa kuwashikashika. Siku ya tano walikufa 9, ya sita 2. Angeendelea na salfa, vifo vingeshuka hata hivyo, kwa kuwa ugonjwa wenyewe ndivyo unavyokwenda, naye angewaapia majirani wote kwamba salfa inatibu Gumboro. Sina shaka dawa nyingi za "Gumboro" zilipata sifa zao kwa njia hiyo.

Pamoja na hayo, maelezo ya kundi hunipa shaka yenye mashiko. Hayanipi jibu la mwisho. Wote wawili niliwataka walete kuku, kila mmoja watatu au wanne, wengine wakiwa wagonjwa bado hai na wengine waliokufa asubuhi hiyo. Aliyekufa awekwe kwenye mfuko ndani ya mfuko na barafu kando, asigandishwe, kwa maana kugandisha huharibu nyama tunayotaka kuiangalia kwa hadubini. Aliyeoza tangu jana hanisaidii.

Kwa mfugaji wa kwanza tulipasua tukafuata utumbo hadi karibu na mwisho, pale yanapochepuka matumbo mawili yaliyozibika upande mmoja. Yalikuwa yamevimba, na ndani yamejaa damu iliyoganda. Kwa wa pili matumbo hayo yalikuwa safi, ila misuli ya mapaja ilikuwa na michirizi ya damu. Juu ya njia ya haja, kifuko cha bursa, ambamo kinga ya kifaranga hukomazwa, kilikuwa kimevimba na kuzungukwa na ute wa manjano. Kuku wale wale wawili waliofanana kwenye simu hawakufanana hata kidogo mezani.

Wa kwanza alipewa amproliamu kwenye maji ya kunywa kwa siku tano, akatoa maranda yote mabichi na kuziba chombo kinachovuja. Nilimkataza asichanganye vitamini siku hizo, jambo ambalo wengi hulifanya kwa nia njema. Amproliamu hufanya kazi kwa kujifananisha na vitamini B1 na kuwadanganya vijidudu. Ukiwapa vitamini yenyewe kwa wingi unaifuta dawa. Wa pili hakupewa dawa ya kutibu Gumboro kwa kuwa haipo. Kazi yake ilianza baada ya vifo kukoma: kuku waliopona kinga yao ilikuwa imechakaa, hivyo tulipanga upya chanjo yao ya kideri, na banda lioshwe na kupuliziwa dawa kabla ya kuingiza wengine, maana virusi vya Gumboro hudumu bandani kwa miezi.

Sisemi picha hazifai. Ndui yenye vigaga kwenye upanga naijua kwa picha moja, vivyo hivyo miguu iliyopandwa magamba na utitiri. Video ya sekunde thelathini iliyopigwa usiku, taa ikiwa imezimwa na watu wamenyamaza, hunisikilizisha mkoromo wa kuku mwenye matatizo ya kifua kuliko picha kumi za mchana. Na picha ninayoipenda kuliko zote ni ya daftari: tarehe, waliokufa, chakula walichokula, maji waliyokunywa. Maji huanza kupungua mara nyingi kabla kifo cha kwanza hakijatokea.

Kuna hali moja ambayo sitaki picha wala mzoga. Ikiwa kuku wa rika zote, wakubwa kwa wadogo, wanaanguka ghafla na wengi wanakufa ndani ya siku moja au mbili, upanga umegeuka rangi ya zambarau, au vichwa vimevimba, usipasue, usiuze, usichinje na usinibebee kwenye gari la abiria. Kideri kikali na mafua ya ndege hufanana kiasi kwamba hata sisi hatuyatofautishi kwa macho, na mafua ya ndege yanaweza kumpata binadamu. Funga banda, zuia watu kuingia, nipigie. Nitakuja mimi, nikiwa nimevaa barakoa na glavu, na swali langu la kwanza litakuwa wamekufa wangapi jana.