Siku ya Kwanza na ya Mwisho ya Mwezi katika Excel: Dhana Potofu na Ukweli

Tuchukue rejista ya godauni moja la Shimanzi, ambamo safu ya A ina tarehe ambazo malori yalitoka na mizigo, na safu ya C ina idadi ya magunia. Ili kufunga hesabu za mwezi, karani anahitaji kujua mwezi wa kila tarehe unaanza lini na unaisha lini, na hapo ndipo dhana kadhaa zisizo sahihi hujitokeza.

Dhana: Ni lazima kuieleza kompyuta ni miezi ipi yenye siku 30, ipi yenye 31, na Februari ya mwaka upi ina 29.

Si lazima. Excel huhifadhi kila tarehe kama namba, ikihesabu siku kuanzia tarehe 1 Januari 1900, ambayo ni namba 1, na kalenda yote tayari imo ndani yake. Fomula mbili fupi zinatosha:

```
=EOMONTH(A2,-1)+1
=EOMONTH(A2,0)
```

Ya kwanza hurudi hadi siku ya mwisho ya mwezi uliotangulia kisha huongeza siku moja, na ya pili hutoa siku ya mwisho ya mwezi wenyewe. Ikiwa A2 ina 14/02/2024, majibu ni 01/02/2024 na 29/02/2024; ukiubadilisha mwaka kuwa 2023, jibu la pili huwa 28/02/2023 bila wewe kugusa fomula.

Dhana: Jibu likionekana kuwa 45351, fomula imekosewa.

Fomula ni sahihi. Hiyo ndiyo namba ya tarehe 29/02/2024, na seli inahitaji tu kupewa muundo wa tarehe.

Dhana: Ukichukua kila kitu hadi siku ya mwisho ya mwezi, umeuchukua mwezi mzima.

Hii ndiyo dhana yenye hasara kubwa kuliko zote, kwa sababu haitoi onyo lolote. Mifumo mingi ya kuandikisha malori na malipo huandika tarehe pamoja na saa, na katika Excel saa ni sehemu ya desimali ya namba ya siku. Lori lililotoka tarehe 29/02/2024 saa kumi na dakika arobaini na tano alasiri, yaani 16:45, limehifadhiwa takriban kama 45351.698. Lakini EOMONTH hutoa 45351 kamili, yaani saa sita usiku, siku hiyo inapoanza. Kwa hiyo anayejumlisha kwa sharti la "ndogo kuliko au sawa na siku ya mwisho" huyaacha nje malori yote ya siku hiyo isipokuwa yaliyoandikwa saa sita usiku kamili, na jumla itapungua hata kama kila mstari uko sahihi. Mpaka ulio salama ni siku ya kwanza ya mwezi unaofuata, bila kuijumuisha. Ikiwa G1 ina tarehe yoyote ya mwezi unaotakiwa, fomula ni hii:

```
=SUMIFS(C:C,A:A,">="&EOMONTH(G1,-1)+1,
A:A,"<"&EOMONTH(G1,0)+1)
```

Saa hizo hizo ndizo zinazofanya fomula `=A2-DAY(A2)+1`, inayopendwa na wengi kwa ufupi wake, isilingane na ile ya kwanza niliyoitaja. Kwa lori letu, itatoa 01/02/2024 saa 16:45, nayo ikitumiwa kama mwanzo wa mwezi, malori ya asubuhi ya tarehe mosi yatatupwa nje. Muundo wa seli unaoonyesha tarehe pekee huificha kabisa tofauti hii, na kwa maoni yangu hiyo ni sababu tosha ya kuiacha fomula hiyo mahali penye saa.

Dhana: Kinachosomeka kama tarehe ni tarehe.

Sisi huandika siku kabla ya mwezi, lakini kompyuta iliyowekwa kwa mpangilio wa Marekani husoma mwezi kwanza. Faili ya maandishi kama CSV ikifunguliwa humo, 14/02/2024 hubaki maandishi, kwa kuwa hakuna mwezi wa 14, na EOMONTH hujibu `#VALUE!`. Hilo angalau linaonekana. La hatari ni 03/02/2024, ambayo hugeuka kimyakimya kuwa tarehe 2 Machi, na mwisho wa mwezi wake ukawa 31/03/2024. Dalili ni safu iliyochanganyika: tarehe zenye siku ya 13 na kuendelea zimeegemea kushoto kama maandishi, na nyingine zimeegemea kulia kama namba. Ukiiona, usizirekebishe zile za kushoto peke yake. Ingiza upya faili ya asili, ukichagua `DMY` kwa safu hiyo kabla Excel haijazisoma.