Statini inazuia nini ndani ya seli, na kwa nini haiishii kwenye kolesteroli

Tangu tuanze kupima kolesteroli pamoja na presha na sukari, watu wengi zaidi hapa Lubumbashi wameandikiwa statini, dawa ya kushusha kolesteroli, na malalamiko kwenye dirisha la famasia yetu yameongezeka vilevile. Mengine yana msingi. Mengine yanatoka kwenye ujumbe wa sauti unaozunguka kwenye Watsapu, unaosema kwamba vidonge hivi "vinakula misuli na kumaliza nguvu ya moyo". Ujumbe huo una chembe ya ukweli, ndiyo maana unaenea haraka. Aliyeurekodi ameruka tu hatua zote za katikati, na kitengo kimeniomba niziandike.

Kwanza kuna swali ambalo kwa kweli tumechoka kulijibu dirishani: "Dokta, nyama nilishaacha, sasa hii kolesteroli inatoka wapi?" Inatoka kwako mwenyewe. Sehemu kubwa ya kolesteroli ya mwili hutengenezwa na mwili, ini likiwa mbele, na karibu kila seli yenye kiini inaweza kuitengeneza. Mafuta ya mawese hayana kolesteroli ya kutajika. Yanaipandisha kwenye damu kwa njia nyingine: mafuta mazito yaliyomo hulifanya ini lipunguze kuikusanya kutoka kwenye damu.

Malighafi yake ni kitu kidogo sana, asetili-KoA, kipande chenye kaboni mbili kinachobaki baada ya seli kuvunja sukari na mafuta. Vipande vitatu vikiungana vinatoa HMG-KoA. Kisha kimeng'enya kiitwacho HMG-KoA reduktesi, kilichopachikwa kwenye utando ndani ya seli, kinaigeuza kuwa mevaloneti. Hatua hii hairudi nyuma, na kasi yake ndiyo inayoamua kasi ya kazi yote inayofuata. Mevaloneti ina kaboni sita. Inapoteza moja na kubaki na kipande cha kaboni tano. Vipande viwili vya namna hiyo vinafanya kumi, cha tatu kinafikisha kumi na tano, na hapo tunapata molekuli iitwayo farnesili. Farnesili mbili zikishikana zinatoa skwalini yenye kaboni 30. Skwalini inakunjwa kuwa lanosteroli yenye pete nne, na lanosteroli inapunguzwa na kusafishwa kwa hatua nyingi ndogo hadi ibaki na kaboni 27, ambayo ndiyo kolesteroli. Ukipiga hesabu, kolesteroli moja imekula mevaloneti sita, yaani asetili-KoA 18. Konrad Bloch na Feodor Lynen walipewa tuzo ya Nobeli mwaka 1964 kwa kazi yao juu ya safari hii.

Naomba msomaji asimame kwenye farnesili, kwa sababu mzozo wote uko hapo. Farnesili si mali ya kolesteroli peke yake. Seli inaitumia kutengeneza mkia wa ubikwinoni, ile inayouzwa madukani kwa jina la Q10, ambayo hubeba elektroni wakati seli inazalisha nguvu. Inaitumia kutengeneza dolikoli, inayoshika minyororo ya sukari kabla haijabandikwa kwenye protini. Na ikiiongezea kipande kimoja zaidi cha kaboni tano, inapata geranilgeranili ya kaboni 20, mkia wa mafuta unaoshikizwa kwenye protini ndogo za jamii ya Rho na Rab ili zikae kwenye utando na kufanya kazi. Bila mkia huo protini hizo zinaelea tu ndani ya seli, na kazi yake, ambayo ni kupanga umbo la seli na kusafirisha vitu ndani yake, inakwama.

Sasa statini. Sehemu moja ya molekuli yake inafanana na HMG, kwa hiyo inaingia kwenye nafasi ya HMG-KoA katika kile kimeng'enya na kukishika kwa nguvu kubwa kuliko HMG-KoA yenyewe. Ya kwanza ilipatikana Japani miaka ya 1970, Akira Endo alipoitoa kwenye ukungu. Lovastatini iliidhinishwa Marekani mwaka 1987. Tatizo la mahali statini ilipopiga ni hili: imepiga kabla ya njia panda. Anayefunga barieri ya peaji pale malori yanapotoka Lubumbashi hazuii mizigo ya Kolwezi tu. Likasi na Kambove nako hakifiki kitu. Mevaloneti ikipungua, vyote vinavyotoka kwayo vimeguswa, Q10 ikiwemo. Hadi hapo yule wa Watsapu hakusema uongo.

Ambacho hakujua ni kwamba matawi hayaumii sawasawa. Vimeng'enya vinavyotengeneza Q10, dolikoli na mikia ya protini vinashika farnesili hata ikiwa chache sana. Kile kinachotengeneza skwalini kinahitaji iwe nyingi ndipo kifanye kazi vizuri. Kwa hiyo farnesili ikiadimika, tawi la kolesteroli ndilo linalokauka kwanza, na mengine yanaendelea kupata sehemu yake. Statini kwa vipimo vya kawaida inapita katika pengo hilo. Dawa ikizidi sana ndani ya misuli, pengo linazibika.

Tena statini haiyeyushi mafuta yaliyoganda kwenye mishipa, kama wengi wanavyoamini. Seli ya ini ikiona kolesteroli yake inapungua, inaweka vipokezi vingi zaidi vya LDL, vifurushi vinavyobeba kolesteroli kwenye damu, juu ya uso wake na kuivuta LDL hiyo kutoka kwenye damu. Joseph Goldstein na Michael Brown, waliopata Nobeli mwaka 1985, ndio waliovigundua vipokezi hivyo. Lakini seli hiyohiyo inajitetea kwa kutengeneza reduktesi nyingi zaidi. Ndiyo sababu ukiongeza kipimo mara mbili, LDL inashuka kwa takriban asilimia 6 tu zaidi, huku hatari kwa misuli ikipanda. Wanaomeza viwili kwa sababu wikendi walikula vibaya wanapoteza pesa zao.

Sasa chukua mfano wa mama wa miaka 58 kutoka Katuba anayemeza simvastatini miligramu 40 kila usiku, mwaka wa pili, bila shida. Anaumwa tumbo, anapimwa, anakutwa na vijidudu vya vidonda vya tumbo, na kituo cha afya kinamwandikia siku 14 za amoksisilini, omeprazoli na klaritromisini miligramu 500 mara mbili kwa siku. Hakuna aliyemuuliza anameza nini kingine, na yeye hakusema, kwa kuwa kwake dawa ya usiku ilishakuwa kama chakula. Simvastatini huvunjwa na kimeng'enya kiitwacho CYP3A4, na klaritromisini inakizima. Kiasi cha simvastatini kwenye damu kinaweza kupanda mara kumi. Wiki ya pili mapaja na mabega yanauma pande zote mbili, kuinuka kwenye kiti ni kazi, na mkojo una rangi ya chai nzito.

Labo inapima CPK, kimeng'enya kinachovuja misuli ikipasuka. Kiwango cha juu cha kawaida ni karibu 200. Ikizidi mara kumi ya hapo, pamoja na dalili kama hizo, misuli inavunjika. Kwenye mkojo, kijiti kinaonyesha damu, lakini ukiangalia kwa darubini chembe nyekundu huzioni. Kilichobadilisha rangi ya kijiti ni miyoglobini ya misuli, ambayo ndiyo inayoweza kuziba figo. Mama huyu analazwa siku hiyohiyo, statini inasimamishwa, anawekewa maji mengi ya mshipa, na kreatinini na potasiamu vinafuatiliwa.

Hapa ndipo matawi yanaporudi. Katika maabara, seli za misuli zilizodhuriwa na statini huokolewa zikipewa mevaloneti au geranilgeranili. Zikipewa skwalini, haziokoki. Inaelekea basi misuli inaumia kwa kukosa mikia ya protini zaidi kuliko kwa kukosa kolesteroli. Q10 kwenye damu hushuka kweli, kwa sehemu kwa sababu inasafiri ndani ya LDL yenyewe, lakini majaribio ya kuwapa wagonjwa vidonge vya Q10 hayajatoa jibu moja. Hatuvikatazi. Hatuviuzi kama tiba ya maumivu haya.

Kinga ya mama huyu ilikuwa rahisi: kusimamisha simvastatini siku zote 14 za klaritromisini, kisha kuendelea. Eritromisini, itrakonazoli na dawa za virusi zenye ritonavir zinaleta shida hiyohiyo, na mtu anayetumia ritonavir hapaswi kupewa simvastatini kabisa. Pravastatini na rosuvastatini hazipiti sana njia ya CYP3A4, kwa hiyo daktari ana pa kuchagua.

Kwa upande wetu utaratibu ni huu, na hatuupindi. Statini ni dawa ya ordonansi. Ordonansi iwe na jina, umri, kipimo, tarehe, sahihi na muhuri. Ikikosekana sahihi au muhuri tunairudisha, hata kama umetoka mbali na hata kama tunakujua. Unapokuja na ordonansi mpya ya dawa yoyote, leta boksi za dawa zote unazomeza, si picha ya boksi, kwa sababu kwenye picha miligramu hazisomeki. Anayetoa dawa hizi bila ordonansi katika dirisha letu anaandikiwa barua ya onyo, akirudia anaondolewa dirishani. Ukihisi madhara, tunajaza fomu yenye mambo manne ya lazima: mgonjwa ni nani, anayetoa taarifa ni nani, dawa gani, na nini kilitokea. Likikosekana hata moja, taarifa haipokelewi. "Dawa mbaya sana" si maelezo; "mapaja yote mawili, tangu Jumatatu, siku ya tisa ya antibiyotiki" ni maelezo.

Maumivu mengi, lakini, si ya mama wa Katuba. Uingereza, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2020, watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara walipewa kwa zamu miezi ya statini, miezi ya vidonge vitupu visivyo na dawa, na miezi bila kidonge. Asilimia 90 ya usumbufu walioupata kwenye statini waliupata pia kwenye vidonge vitupu. Walikuwa wanaumia kweli, ila si kwa kukosa mevaloneti. Goti moja linalouma tangu mwaka jana, au kiuno baada ya kubeba mifuko ya makala, si statini. Inayotutia shaka ni misuli mikubwa, pande zote mbili, ndani ya wiki chache tangu dawa ianze, ipandishwe au ikutane na nyingine. Hapo tunapima CPK, daktari anasimamisha, anangoja, kisha anarudisha kwa kipimo kidogo au kwa statini nyingine aone kama maumivu yanarudi. Udhaifu ukiendelea wiki nyingi baada ya kuacha, mrudie daktari: kuna wachache ambao mwili wao huanza kuishambulia reduktesi yenyewe, nao wanahitaji matibabu mengine kabisa.

Mjamzito, au anayetafuta mimba, amwambie daktari mapema. Mtoto tumboni anajenga utando wa kila seli kwa kolesteroli na kupanga viungo vyake kwa protini zinazotegemea mnyororo huuhuu, kwa hiyo kwa wanawake wengi statini husimamishwa hadi watakapomaliza kunyonyesha.