Bima ya mazishi kwa wanachama wa SACCOS: namna ya kuitangaza bila kumbana mtu

Vyama vingi vya akiba na mikopo vimeanza kuingia makubaliano na kampuni za bima ili wanachama wao wapate bima ya mazishi kwa ada inayokatwa kila mwezi. Huduma yenyewe ina manufaa, lakini njia inayotumika kuifikisha kwa mwanachama mara nyingi huiharibu. Katika makala haya ninaeleza jinsi chama kinavyoweza kuitambulisha huduma hiyo kwa watu ambao tayari wanakiamini, pasipo kuutumia uaminifu huo kuwasukuma.

Tuchukue mfano wa SACCOS ya walimu yenye wanachama 640, ambao makato yao hupitia kwenye mshahara. Ada ya bima ni shilingi 4,000 kwa mwezi, yaani 48,000 kwa mwaka, na fidia ni shilingi 2,000,000 mwanachama au mwenzi wake anapofariki. Kifo cha ugonjwa hakilipwi katika miezi mitatu ya mwanzo, ila kifo cha ajali hulipwa tangu siku ya kwanza. Chama hupata kamisheni ya shilingi 400 katika kila ada. Kabla ya kutangaza chochote, bodi ihakikishe kwamba kampuni hiyo imesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, na kwamba chama nacho kina kibali kinachohitajika kwa nafasi kitakayokuwa nayo katika mauzo hayo.

Hatua inayofuata, ambayo kwa kawaida hurukwa, ni kufungua daftari la mikopo ya dharura la mwaka uliopita na kuangalia ni wangapi walikopa kwa ajili ya msiba. Hao, pamoja na wanaofanana nao kwa hali ya maisha, ndio ambao huduma inaweza kuwafaa. Wapo pia ambao haiwafai. Mwanachama aliye katika kikundi imara cha kufa na kuzikana mtaani kwake, ambacho hutoa fedha siku ileile ya msiba, huenda asipate kikubwa cha ziada. Na mwalimu ambaye mikopo imekwisha kuushusha mshahara wake hadi karibu na theluthi moja, kiwango ambacho makato ya mtumishi wa umma hayapaswi kukivuka, hana nafasi ya kuongezewa hata hizo shilingi 4,000. Karatasi ya maelezo iyataje makundi haya mawili waziwazi. Maofisa masoko hawapendi kuandika ni nani asiyehitaji bidhaa yao. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu ya karatasi ambayo mwanachama huisoma kwa makini zaidi, na ndiyo inayomfanya aziamini sehemu nyingine.

Suala zito kuliko yote ni wakati na mahali pa kuitaja huduma. Bima hii isitajwe mezani kwa afisa mikopo wakati mwanachama anasubiri mkopo wake uidhinishwe. Anayesubiri fedha za ada ya shule ya mtoto hawezi kusema hapana kwa uhuru, hata afisa akizungumza kwa upole wa namna gani, kwa sababu moyoni anahofu kwamba kukataa kutauchelewesha mkopo. Kosa la namna hii linajulikana vizuri katika historia ya huduma za fedha. Nchini Uingereza, benki na wakopeshaji waliuza kwa miaka mingi bima ya kulinda marejesho ya mikopo, ijulikanayo kwa kifupi kama PPI. Iliuzwa papo hapo mkopo ulipokuwa ukitolewa, wakati mwingine kwa wastaafu na watu waliojiajiri ambao kwa masharti ya bima yenyewe wasingeweza kudai kitu, na wengine hawakujua kabisa kwamba wameinunua. Hadi kufikia mwisho wa kupokea madai, Agosti 29, 2019, na katika ulipaji uliofuata, wateja walirudishiwa zaidi ya pauni bilioni 38.

Kwetu kuna mkanganyiko wa ziada unaotakiwa kuondolewa mapema. Mikopo mingi ya SACCOS ina bima ya mkopo ambayo ni sharti la kukopa, na kazi yake ni kulipa deni lililobaki mkopaji akifariki. Bima ya mazishi ni hiari na fedha zake huenda kwa familia. Zikielezwa kwa pumzi moja, mwanachama ataondoka akidhani zote ni lazima, au atadhani ile ya mkopo itamzika.

Kwa hiyo huduma itangazwe kwenye mkutano wa wanachama, kisha kila mmoja apewe karatasi ya ukurasa mmoja aende nayo nyumbani. Maneno yake yanaweza kuwa haya: “Chama kimeanza kutoa bima ya mazishi kwa wanaoitaka. Ada ni shilingi 4,000 kwa mwezi, na kati ya hizo chama hupata 400. Kukataa hakuathiri mkopo wako wala akiba yako. Usipojaza fomu, makato yako hayatabadilika. Ukijiunga na baadaye ukaamua kuacha, andika barua, nasi tutasitisha makato kuanzia mwezi unaofuata.” Sentensi ya nne ndiyo msingi wa utaratibu wote. Mkutano mkuu unaweza kuridhia huduma itolewe, lakini makato ya hiari yaanze kwa saini ya mwanachama mwenyewe, kwenye fomu isiyowekwa alama ya kukubali kabla hajaishika.

Wapo viongozi watakaosema kwamba kwa utaratibu huo watajiunga wachache. Ni kweli. Tuseme wamejiunga 150: chama kitapata shilingi 60,000 kwa mwezi, sawa na 720,000 kwa mwaka. Mwanachama mmoja mwenye akiba ya shilingi 3,000,000 akikuta makato asiyoyajua kwenye hati yake ya mshahara, akakasirika na kujitoa, huondoka na fedha za kukopesha zinazozidi mara nne ya kamisheni ya mwaka mzima. Kwa sababu hiyohiyo sishauri watumishi wapangiwe idadi ya watu wa kuandikisha, wala walipwe kwa kila fomu.

Shinikizo huonekana kwenye kumbukumbu kabla ya malalamiko kufika. Ikiwa fomu nyingi zina tarehe ileile ya kutolewa mkopo, au tawi moja limeandikisha karibu kila mtu ilhali mengine yameandikisha robo, kuna jambo la kuchunguza. Baada ya makato ya kwanza, mtu ambaye hakuhusika na uandikishaji awapigie simu wanachama kumi waliojiunga na kuwauliza mambo matatu: wanakatwa kiasi gani, nani analindwa, na wakitaka kuacha wafanyeje. Watatu wakishindwa kujibu, uandikishaji usimame hadi maelezo yarekebishwe. Dalili nyingine huchelewa zaidi: mwanachama amefariki, alikuwa akikatwa ada, na hakuna aliyekuja kudai. Karani alinganishe orodha ya waliofariki na orodha ya waliojiunga kila robo mwaka, kwa kuwa familia haiwezi kudai bima ambayo marehemu mwenyewe hakujua kwamba anayo.

Aliyesema hapana naye awekwe kwenye kumbukumbu, ili asiulizwe tena na kila karani atakayemhudumia. Mwaka mmoja wa kuachwa bila kuulizwa unatosha, isipokuwa masharti au ada ikibadilika, na hapo apewe karatasi mpya kama wanachama wengine wote.